Kile kichuma cha mlango wa kabati

Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi katikati ya Arusha yana kawaida moja inayomtesa mteja asiyejiandaa. Bidhaa ziko nyuma ya kaunta, ndani ya visanduku vilivyopangwa hadi karibu na dari, na mteja haruhusiwi kupita akachague kwa macho. Lazima aseme anachotaka. Kwa misumari au simenti hilo si tatizo. Kwa kifaa kidogo kilichong'oka kwenye kabati na kupotea, mteja anabaki na maneno matatu, "kile kichuma cha kabati", na muuzaji anabaki na visanduku mia vinavyoweza kubeba jina hilo. Makala haya yanatetea jambo moja: kifaa kilichopotea huelezwa vizuri zaidi kwa kuanzia kwenye kabati lenyewe. Sema kwanza kilikuwa kinafanya kazi gani, kisha kiliacha alama gani kwenye mbao, kisha mlango unakaaje ukifungwa. Jina la kifaa lije mwisho, na hata lisipokuja, duka litakuhudumia.

Tumchukue binti aliyetoka Ngaramtoni kwa daladala, akaingia duka la mzee mmoja Barabara ya Sokoine. Ni mfano wa kutungwa, ila mazungumzo ya namna hii hufanyika kwenye kaunta hizo kila siku. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." "Naomba kile kichuma cha kabati." Mzee hamwambii kwamba vichuma viko vingi. Anamuuliza, "Kinafunga, kinavutwa kwa mkono, au kinabeba mlango?" "Kinabeba mlango, babu. Mlango umebaki unaning'inia." "Unaning'inia kwa juu au kwa chini?" "Cha juu kipo. Cha chini kilipotea tulipohama nyumba." "Vizuri, basi pacha wake yupo. Umekuja naye?" "Hapana, amefungwa kwenye mlango." "Pale alipokuwa yule wa chini, kwenye ubao wa mlango pana shimo la duara, au pamechongwa bapa?" "Shimo la duara, babu, halitoki upande wa pili."

Kwa majibu hayo machache duka zima limeshapungua. Swali la kwanza limeondoa vitasa, vishikio, sumaku za kubana mlango na reli za droo. Swali la shimo limeondoa bawaba zote za bapa, zile za mabati mawili yanayokunjana kama kitabu. Imebaki jamii moja tu: bawaba ya kikombe, yenye kidude cha duara kinachozama kwenye mlango, mkono wa chuma unaotoka kwenye kikombe hicho, na kitako kinachofungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa kabati kwa ndani. Mlango ukifungwa, bawaba hii haionekani kwa nje, ndiyo maana watu wengi huishi nayo miaka mingi bila kuitazama. Angalia pia jambo ambalo mzee hakufanya. Hakumtolea binti bawaba kumi kaunta nzima na kumwambia achague. Mtu ambaye hajawahi kukitazama kifaa akiwekewa kumi zinazofanana atachagua inayong'aa zaidi.

Sasa vinakuja vipimo, na hapa ndipo safari nyingi za kwenda mjini hupotea bure. Mzee alimwomba binti apige simu nyumbani, mdogo wake achukue rula. Kipimo cha kwanza ni upana wa shimo la duara. Kwenye makabati mengi ya kiwandani ni milimita 35, yaani sentimita tatu na nusu, lakini yapo mashimo ya milimita 26 kwenye milango myembamba yenye fremu, na ya milimita 40 kwenye milango mizito. Rula iwekwe pale shimo linapokuwa pana kabisa. Ikiteleza pembeni, 35 inaweza kusomeka 33, na muuzaji ataanza kutafuta kitu kisichokuwepo. Kipimo cha pili ni umbali kati ya matundu mawili madogo ya skrubu yaliyo pembeni mwa shimo hilo. Umbali huu hutofautiana kwa watengenezaji: ziko bawaba za milimita 45, za 48 na za 52. Kukisia katikati ya tundu ni kugumu kwa jicho, kwa hiyo ni afadhali kupima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Jibu ni lilelile, na hakuna cha kukisia. Mdogo wake binti alisoma 35 na 48.

Iko njia nyepesi kuliko rula kwa yule ambaye hajaondoka nyumbani. Chukua karatasi nyeupe, iweke juu ya sehemu iliyobaki wazi kwenye mlango, ukingo wa karatasi ukiwa sawa kabisa na ukingo wa mlango, kisha sugua penseli kwa ulalo. Shimo la duara na matundu mawili yatajitokeza kwa ukubwa wake halisi, yakiwa mahali pake halisi kutoka ukingoni. Fanya hivyo tena upande wa kabati, pale kitako kilipofungwa. Kwa kawaida utaona matundu mawili yaliyoachana milimita 32, na mstari wake ukiwa milimita 37 kutoka ukingo wa mbele. Hivyo ni vipimo vya utaratibu wa viwanda vya makabati vya Ujerumani vya kutoboa matundu kila baada ya milimita 32, na bawaba za kutoka nchi nyingine nazo hutengenezwa zikubaliane nao. Kabati lililotobolewa kwa mkono na fundi wa mtaani huenda likatofautiana, na hapo ndipo karatasi inapozidi kumbukumbu. Dukani muuzaji ataweka bawaba juu ya mchoro, na kama matundu hayalingani mtaona wote wawili kabla fedha haijatoka mfukoni.

Turudi kaunta. Mzee alipopata 35 na 48 alishusha kisanduku, akatoa bawaba yenye mkono ulionyooka, akaiweka mezani. Muuzaji mwenye haraka angepokea fedha hapo. Yeye akauliza swali moja zaidi. "Ukiufunga mlango ukasimama mbele ya kabati, unauona ukingo wa ubao wa ubavuni?" "Hauonekani, babu." "Na upande huohuo wa bawaba, kuna mlango mwingine unaofungiwa kwenye ubao huohuo?" "Ndiyo, milango iko mitatu, huu ni wa katikati." Mzee akairudisha ile bawaba kwenye kisanduku na kutoa nyingine, ambayo mkono wake umepinda kidogo karibu na kikombe.

Swali hilo ndilo ambalo wateja wengi hawajui kwamba linahitaji kujibiwa, kwa sababu jibu lake haliko kwenye mashimo. Bawaba za kikombe zina mikono ya aina tatu kuu, na zote tatu zinaweza kuwa na kikombe cha milimita 35 na matundu ya 48. Mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ukingo wa ubavu karibu wote, yaani mlango wa pembeni mwa kabati. Mkono uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubao mmoja wa katikati, kila mmoja ukifunika karibu nusu. Mkono uliopinda sana ni wa mlango unaoingia ndani ya kabati, ukingo wa ubavu ukibaki unaonekana. Ubao wa ubavu ukiwa wa milimita 18, mlango wa kwanza hufunika kama milimita 16 na wa pili kama 8. Ukifunga bawaba iliyonyooka mahali pa iliyopinda kidogo, mlango utasogea karibu milimita 8 upande wa bawaba na kumkanyaga jirani yake. Mmoja hautafunguka kabla ya mwingine. Skrubu ya kurekebisha iliyo kwenye mkono husogeza mlango milimita mbili au tatu tu, kwa hiyo haiwezi kuokoa kosa hilo hata ukizungusha bisibisi hadi mwisho. Dalili ya kwamba umeuziwa mkono usio wako ni hiyo hasa: bawaba imeingia vizuri kwenye mashimo yote, lakini mlango hauna pa kukaa.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi hakuna haja ya haya yote, piga picha kwa simu uionyeshe dukani. Picha inasaidia, lakini inasaidia kwa sehemu. Haina kipimo: shimo la 26 na la 35 yakijaa kioo cha simu yanafanana. Ikipigwa kwa ulalo, duara linakuwa yai na umbali wa matundu unapungua. Kama utapiga, bandika rula ubaoni kando ya shimo na uishike simu ikitazamana na ubao moja kwa moja. Picha ina faida kubwa zaidi mahali pengine, pale ambapo karatasi ya penseli haifiki: piga mlango mzima ukiwa umefungwa, ukionyesha na majirani zake, kisha piga bawaba iliyobaki mlango ukiwa wazi. Picha hizo mbili zinajibu swali la mkono bila mtu kuuliza. Karatasi ijibu ukubwa, picha ijibu mkao.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwa nini asitumwe fundi? Kwa kabati zima lililolegea, mtume fundi, wala usisite. Kwa bawaba moja, fundi atakuja kutazama, ataondoka kwenda kununua, na atarudi kufunga, na kazi ya kupima aliyoifanya kwa dakika tano utailipia kama sehemu ya siku yake. Zaidi ya hapo, fundi asiyeliona kabati lako yuko pale pale alipo muuzaji. Naye atauliza maswali yaleyale. Kuna pia anayesema atang'oa bawaba iliyobaki na kwenda nayo. Hilo ndilo jibu bora kuliko yote, na linazidi karatasi na picha, mradi ukumbuke mambo mawili. Mlango ushikiliwe na mtu wa pili, kwa sababu bawaba moja ndiyo iliyokuwa inaubeba wote. Na bawaba ing'olewe pamoja na kitako chake. Nyingine hutoka kwa kubonyeza kilimi nyuma ya mkono, nyingine kwa kulegeza skrubu ya nyuma, na kwa aina zote mbili watu huacha kitako kimebaki kabatini. Kitako cha mtengenezaji mmoja mara nyingi hakipokei mkono wa mwingine, hata kama kwa macho vinafanana. Ndiyo maana kununua mkono peke yake kwa kutegemea kitako cha zamani ni kubahatisha.

Na kama duka halina inayofanana na iliyobaki? Hapo ushauri wangu unapingana na silika ya kubana matumizi: nunua mbili, ubadilishe na ile nzima. Mlango mmoja ukibebwa na bawaba mbili za maungo tofauti, kila moja inataka kuuzungusha kwa njia yake, na ubishi huo huishia kwenye skrubu, ambazo hulegea kidogo kidogo hadi zinatoka. Bawaba ya pili haiongezi gharama kubwa ukilinganisha na nauli ya safari nyingine. Kwa mtu wa Usa River, ambako ni kama kilomita 20 kutoka mjini, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Ile ya zamani itunze. Ndiyo sampuli yako siku nyingine ikivunjika kwenye mlango wa pili.

Hadi hapa nimezungumzia makabati ya kiwandani, ya chipbodi iliyobandikwa karatasi ngumu. Kuzunguka Mlima Meru kuna makabati mengi ya namna nyingine, yaliyochongwa na maseremala wa mtaani kwa paina na saiprasi, miti inayopandwa kwenye mashamba ya misitu ya miteremko ya mlima huo. Mengi yake yana bawaba za bapa, na huko maswali yanabadilika. Muuzaji atataka urefu wa bati kwa inchi, upana wake likiwa limekunjuliwa, na idadi ya matundu ya skrubu kila upande. Pima pia kina cha mchongo ambamo bati lilikaa. Bati likiwa nene kuliko mchongo, mlango utasukumwa upande wa kishikio na huenda usifunge. Likiwa jembamba, mlango utabana upande wa bawaba na kujaribu kujifungua wenyewe. Karatasi ya penseli inafaa hapa pia, kwa sababu mchongo una kingo kali zinazotoka vizuri.

Kwa makabati haya ya mbao kuna tahadhari ambayo mzee mwenye uzoefu huitoa kabla hajauza chochote. Mlango unaokwama si lazima uwe umeharibika bawaba. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mbao za miteremko ya Meru hunywa unyevu na kupanuka, na mlango uliofunga vizuri Januari unakataa Aprili. Tofauti inaonekana kwenye mwanya kati ya mlango na fremu. Mwanya ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, mlango umeinama, na kosa liko kwenye bawaba au skrubu zake. Mwanya ukiwa umebana sawasawa kuanzia juu hadi chini upande wa kishikio, ubao umevimba, na bawaba mpya haitakusaidia lolote. Subiri kiangazi, au fundi aupige randa kidogo, ila akumbuke kwamba utakauka na mwanya utaongezeka.

Mwisho ni skrubu, ambazo karibu kila mteja husahau kuziulizia. Bawaba ya kikombe hufungwa kwa skrubu fupi zenye nyuzi pana, kwa kawaida milimita 16 kwa urefu na unene wa 3.5. Ndefu zaidi ya hapo kwenye ubao wa milimita 16 au 18 zinaweza kutokeza upande wa pili, na kwenye mlango upande wa pili ndio uso wa kabati. Kabla ya kununua, chunguza matundu ya zamani. Yakiwa yamepanuka na chipbodi inamwaga unga, skrubu mpya itazunguka bila kushika, na mteja atarudi dukani akilalamikia bawaba isiyo na kosa. Chonga kijiti cha mbao kinacholingana na tundu, kipake gundi ya mbao, kigongomee ndani, kikate sawa na uso wa ubao, uache usiku mzima ndipo utoboe upya. Chipbodi iliyovimba kwa maji, kama ile ya chini ya sinki, haitakubali hata hivyo. Hapo sogeza kitako juu au chini kwenye sehemu kavu, na shimo la kikombe litobolewe upya kwa kiwango hicho hicho.

Kwa kuwa hakuja na pacha wa kulinganisha, binti alipewa bawaba mbili na skrubu zake, na mzee akamwonya kuhusu jambo la kurudisha bidhaa. Ukifika nyumbani, iweke bawaba kwenye shimo bila skrubu, funga mlango kwa mkono, utazame mwanya na majirani. Kama haikai, irudishe ikiwa na mfuko wake na risiti; bawaba yenye mikwaruzo ya bisibisi kwenye matundu hakuna duka litakaloipokea.